Huduma moja ikikwama, kwa nini zote zianguke? Dhana potofu kuhusu vikomo vya muda na sakiti breka

Ukurasa wa bidhaa katika duka la mtandaoni hukusanya vitu kutoka huduma kadhaa: bei, picha, maoni ya wateja, na kisanduku cha chini chenye bidhaa ambazo mnunuzi huenda akazipenda. Kisanduku hicho ndicho kinachohitajika kidogo kuliko vyote. Kikikosekana, wanunuzi wengi hata hawatagundua. Lakini huduma inayokilisha, tuiite `mapendekezo`, ina uwezo wa kuuangusha ukurasa mzima, na mara nyingi huuangusha kwa sababu wanaoulinda wameamini mambo yasiyo kweli kuhusu zana mbili: kikomo cha muda, yaani mwisho wa kusubiri jibu, na sakiti breka, yaani swichi ya programu inayokata miito kwenda kwa huduma inayoshindwa.

Dhana: Hatari ni huduma kufa

Huduma iliyokufa kabisa kwa kawaida ni nafuu. Kama mashine ipo hai ila programu imezimika, jibu la kukataliwa muunganisho hurudi ndani ya milisekunde chache. Ukurasa unapata kosa, unaacha kisanduku wazi, unaendelea na kazi. Inayoua ni huduma iliyo hai lakini inajikokota.

Tupige hesabu. Seva ya ukurasa ina nyuzi 200 za kuhudumia maombi, kila uzi ukishika ombi moja kwa wakati; ndicho kiwango cha juu ambacho seva ya Java iitwayo Tomcat huruhusu usipokibadilisha. Inapokea maombi 100 kwa sekunde, na kila ombi linaiita `mapendekezo` mara moja. Siku ya kawaida jibu linarudi kwa milisekunde 50. Zidisha 100 kwa sekunde 0.05: kwa wastani ni nyuzi 5 tu zinazosubiri `mapendekezo` kwa wakati mmoja. Nyingine zote zina nafasi.

Sasa mtu anafuta faharasa moja kwenye hifadhidata ya `mapendekezo`, na swali lililokuwa jepesi linachukua sekunde 30. Zidisha tena: 100 kwa 30 ni 3,000. Seva ingehitaji nyuzi 3,000 zikisubiri, nayo ina 200. Zinajaa ndani ya sekunde 2. Kuanzia hapo hata ombi lisilohusiana na `mapendekezo` halipati uzi, na hilo ni pamoja na ombi la kisawazisha mzigo, kile kinachogawa maombi kwa seva, linalouliza kama seva ni nzima. Kisawazisha kinaiondoa seva kwenye zamu, mzigo wake unahamia kwa wenzake, nao wanajaa upesi zaidi. Huduma zinazoutegemea ukurasa huo zinaanza kusubiri kwa namna ileile.

Dalili zake zinachanganya mtu asiyezizoea. Kichakataji kimetulia, kumbukumbu inatosha, hakuna kosa jipya kwenye logi, lakini hakuna kinachojibiwa. Ukiendesha `jstack`, amri inayoonyesha kila uzi uko wapi kwenye msimbo, dhidi ya mchakato wa Java utaona karibu nyuzi zote zimekwama mahali pamoja, zinasoma soketi, na ukishuka mistari michache utakuta jina la klasi inayoiita `mapendekezo`.

Kwa hiyo timu inayosema "tumejaribu, tulizima kontena na mfumo ukasimama imara" imejaribu ile hali nyepesi. Jaribio lenye maana ni kuchelewesha majibu. Weka Toxiproxy, programu ya kuigiza mtandao mbovu, kati ya huduma mbili, ongeza ucheleweshaji wa sekunde 30, halafu tazama nyuzi. Jaribu pia kifo cha aina ya pili, pale mashine inapotoweka au ukuta wa moto unapozitupa pakiti kimyakimya. Hapo hakuna wa kukataa muunganisho. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, itarudia kubisha hodi kwa dakika 2 hivi kabla ya kukata tamaa.

Dhana: Nimeandika `timeout=5`, basi hakuna ombi litakalozidi sekunde 5

Kwanza, afadhali umeandika chochote. Maktaba ya `requests` ya Python isipopewa kikomo husubiri bila mwisho, na `http.Client` ya Go ikiachwa na `Timeout` ya sifuri hufanya vivyo hivyo. Lakini angalia kinachopimwa:

```python
requests.get(url)                      # hakuna kikomo
requests.get(url, timeout=5)           # 5 kuunganisha, 5 kati ya baiti na baiti
requests.get(url, timeout=(0.3, 0.5))  # kuunganisha, kisha kusoma
```

Kikomo cha kusoma hapa ni muda wa ukimya: kinahesabu tangu data ya mwisho ilipofika. Seva inayodondosha baiti moja kila sekunde 4 inaweza kukushikilia saa nzima bila kukivuka. Ukitaka kikomo cha ombi zima, lazima ukiweke mwenyewe nje ya wito huo. `Timeout` ya Go iko tofauti, inajumlisha kila kitu hadi kumaliza kusoma mwili wa jibu. Soma nyaraka za maktaba yako, kwa sababu neno ni moja na maana zinatofautiana.

Kisha kuna namba yenyewe. Tano inaonekana ndogo. Rudi kwenye hesabu: 100 kwa 5 ni 500, na nyuzi ni 200. Seva bado inakufa, safari hii tu ikiwa na kikomo cha muda. Kwa nusu sekunde zitashikiliwa nyuzi 50, na hapo ukurasa unapumua. Ndiyo maana kikomo hakichaguliwi kwa kuangalia namba ya duara inayopendeza. Tazama kasi ya majibu siku njema: kama maombi 99 kati ya 100 humalizika chini ya milisekunde 200, basi 400 au 500 ni mahali pazuri pa kuanzia. Halafu zidisha na idadi ya maombi uone kama nyuzi zinatosha.

Kuna jambo jingine ambalo limeumiza watu kifedha: muda kuisha hakumaanishi kazi haikufanyika. Aliyeita ameacha kusikiliza, basi. Huko upande wa pili swali la hifadhidata linaweza kuwa bado linaendelea, na kama lilikuwa ombi la malipo, huenda mteja ameshakatwa. Ukituma tena bila kitambulisho cha kipekee cha muamala, ambacho mpokeaji atakitumia kutambua kwamba hili alishalifanya, unamkata mara mbili.

Dhana: Kikomo cha muda kinatosha, sakiti breka ni pambo

Kwa kikomo cha nusu sekunde tumeokoa ukurasa, lakini kila mnunuzi sasa anasubiri nusu sekunde nzima kupata kitu tunachojua hakitakuja. Na `mapendekezo`, ambayo tayari imezidiwa, inaendelea kupigwa maombi 100 kila sekunde yasiyo na mtu wa kupokea jibu.

Sakiti breka huondoa yote mawili. Huhesabu matokeo ya miito ya karibuni. Makosa yakivuka kiwango hufunguka, kama ile ya umeme ukutani, na kuanzia hapo kila wito unarudishwa papo hapo bila kugusa mtandao. Tofauti ni kwamba hii haingoji mkono wa mtu. Baada ya muda uliopangwa huingia hali ya nusu wazi, inaruhusu miito michache ya majaribio, kisha inaamua kujifunga ili miito ipite tena, au kuendelea kukaa wazi.

Dhana: Ukishaweka maktaba, ulinzi upo

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wafungue mipangilio waisome. Resilience4j, maktaba ya sakiti breka inayotumika sana kwenye Java tangu Hystrix ya Netflix iliposimamishwa kuendelezwa mwaka 2018, huanza na thamani hizi: lazima ione miito 100 kabla ya kufanya uamuzi wowote, na wito huhesabiwa kuwa wa polepole ukizidi sekunde 60. Ile `mapendekezo` yetu ya sekunde 30, ikiitwa bila kikomo cha muda, inarudisha majibu sahihi ambayo si "polepole" kwa kipimo hicho. Sakiti breka itayahesabu kuwa mafanikio na kubaki imefungwa huku seva ikizama. Yenyewe haikati wito uliokwama. Kazi hiyo ni ya kikomo cha muda, na muda ukiisha ndipo kosa linalohesabika linapatikana. Vitu hivi viwili vinahitajiana.

Na ile miito 100? Kwa maombi 100 kwa sekunde ni sekunde moja tu. Kwa huduma inayoitwa mara moja kwa dakika ni zaidi ya saa moja na nusu, yaani ni kama haipo.

Kwa mfano wetu ningeanza hivi:

```yaml
resilience4j.circuitbreaker:
  instances:
    mapendekezo:
      slidingWindowType: TIME_BASED
      slidingWindowSize: 10
      minimumNumberOfCalls: 50
      failureRateThreshold: 50
      slowCallDurationThreshold: 400ms
      slowCallRateThreshold: 60
      waitDurationInOpenState: 5s
      permittedNumberOfCallsInHalfOpenState: 5
```

Yaani: tazama sekunde 10 zilizopita, usiamue kabla ya miito 50, funguka nusu yake ikishindwa au asilimia 60 ikivuka milisekunde 400. Angalia pia nini kinahesabiwa kuwa kosa. Mteja aliyeomba bidhaa isiyokuwepo akapata 404 hajathibitisha kwamba huduma ni mgonjwa. Makosa ya aina hiyo yakijumlishwa, roboti moja inayobahatisha anwani inaweza kuwafungia watu wote.

Dhana: Kujaribu tena huongeza uthabiti

Huongeza pale hitilafu ni ya kupita. Huduma ikiwa imezidiwa, inakuwa ni kuimalizia. Tabaka tatu za huduma, kila moja ikijaribu mara 3, hugeuza ombi moja la mnunuzi kuwa maombi 27 kwa huduma iliyo chini ya zote tatu. Chagua tabaka moja tu lenye ruhusa ya kurudia. Katika Resilience4j ya Spring kurudia hukaa nje ya sakiti breka, kwa hiyo kama hukuitenga `CallNotPermittedException`, msimbo wako utarudia hata miito ambayo sakiti breka imeikataa kwa makusudi.

Dhana: Sakiti breka moja kwa huduma moja inatosha

Nyuma ya jina `mapendekezo` kunaweza kuwa na seva 4. Mmoja akiugua, makosa ni kama asilimia 25. Kwa kiwango cha 50 sakiti breka haifunguki kamwe, na mnunuzi mmoja kati ya wanne anaendelea kuumia. Ukishusha kiwango hadi 20 itafunguka na kuwafungia wale watatu wazima pia. Dawa hapa ni kumtenga yule mmoja, kazi ambayo kisawazisha mzigo kama Envoy hufanya kwa kufuatilia makosa ya kila seva.

Upande wa wanaoita nao una yake. Kila nakala ya seva ya ukurasa hubeba sakiti breka yake na hesabu yake, hivyo ni kawaida kuona moja imefunguka na jirani yake bado. Ukiwa na nakala 40, zile nafasi 5 za majaribio ni maombi 200 yanayoweza kuifikia `mapendekezo` karibu kwa pamoja wakati inajaribu kuinuka. Punguza nafasi hizo kadiri nakala zinavyoongezeka. Na usishtuke ubao wa vipimo ukionyesha `OPEN` muda mrefu baada ya zile sekunde 5 kupita: kwa mipangilio ya awali hali haibadiliki kuwa nusu wazi hadi wito unaofuata ufike, na usiku wa manane huenda hakuna anayeita.