Pima mkono wa leo, usimnunulie fidla ya mwakani

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka tisa akiwa na fidla mpya ya saizi ya robo tatu. "Mwalimu, nimemchukulia kubwa kidogo akue nayo." Sketi ya shule hilo inakubali. Fidla haikubali.

Nilimsimamisha mtoto, nikamwambia anyooshe mkono wa kushoto ubavuni, usawa wa bega, kiganja kikitazama juu. Nikapima kwa futi ya fundi cherehani kuanzia shingoni hadi katikati ya kiganja: sentimita 52. Kwa kawaida robo tatu humfaa mwenye sentimita 55 au 56 hivi, na nusu huanzia kama 51. Huyu ni wa nusu. Jina hilo lisikutishe, kwani mwili wa fidla ya nusu una urefu wa sentimita 31 hivi, na ule wa fidla kamili ni kama 35 na nusu.

Kipimo cha futi hakitoshi, kwa hiyo nikamwekea fidla yenyewe begani. Mkono ukipita chini yake, vidole vinapaswa kukizunguka kichwa chake kilichoviringwa huku kiwiko kikibaki kimekunjika. Kwa ile robo tatu, mkono wa binti ulinyooka kabisa. Alipojaribu kubonyeza uzi kwa kidole cha mwisho, kidole kililala na kifundo cha mkono kikabonyea. Akiizoea hali hiyo kwa mwaka mzima, kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya. Mtoto akiwa katikati ya saizi mbili, mimi huchagua ndogo.

Kwa kuwa mtoto huyu ataihama saizi hii, nilimshauri mama akodishe. Kabla ya kusaini, aulize: akikua, atabadilishiwa saizi bila kuanza upya malipo? Sehemu ya kodi itahesabiwa akija kununua? Uzi ukikatika au mbao zikipasuka, nani atalipia? Jibu liwe limeandikwa kwenye mkataba.

Seti ya mwanafunzi huwa na fidla, upinde, kasha na kipande cha ulimbo, utomvu mkavu wa kupaka nywele za upinde. Kitegemezo cha bega mara nyingi hununuliwa pembeni, nacho kina saizi zake. Upinde lazima ulingane na fidla. Mrefu mno humvuta mtoto mkono nyuma, ukaanza kwenda mshazari. Upinde mpya ambao haujapakwa ulimbo hautoi sauti kabisa, na wazazi wengi wamerudisha fidla nzima wakidhani ni mbovu.

Ukifungua kasha, tazama daraja, kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi. Halikugundishwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, basi likiwa limeinama liwekwe wima kabla ya kukaza. Chungulia pia kwenye tundu la sauti uone kijiti kilichosimama ndani. Kikiwa kimeanguka, usikaze nyuzi. Ipeleke kwa fundi kwanza.

Binti nilimwazima fidla ya nusu siku hiyohiyo. Kidole chake cha mwisho kilifika kwenye uzi bila kulala.