Kujaza nywele pichani kwa vishungi

Kujaza nywele pichani ni kuongeza ukubwa au umbo la nywele baada ya picha kupigwa. Wengi hufungua Liquify kwenye Photoshop na kusukuma ukingo wa afro kuelekea nje. Kidogo inakubali. Ukizidisha, koili za pembeni hutanuka zikawa kubwa kuliko za karibu na kipaji, na mstari wa ukuta ulio nyuma hupinda pamoja nazo. Hapo nywele hazijaongezeka, zimevutwa tu.

Kinachoongezwa ni vishungi. Nywele za kipilipili hushikana kwa mafungu, hazikai unywele mmoja mmoja. Kwenye afro iliyochambuliwa kwa kitana mafungu hayo ni madogo na yamechanganyikana, huoni yanapoanzia. Kwenye twisti zilizofumuliwa kila kishungi kinajitegemea: kimejiviringa, mgongo wake unang'aa, ndani kuna kivuli, na nchani mara nyingi kinaachana mara mbili, maana twisti ilisokotwa kwa mafungu mawili.

Tuseme mwanga unatoka kushoto na twisti za kulia zimelala. Chagua kwa Lasso vishungi vitatu au vinne vya upande huohuo wa kulia, vinakili kwenye leya mpya, visogeze nje kidogo na kuvizungusha nyuzi 10 hivi. Usichukue vya kushoto ukavigeuza kama kwenye kioo. Mng'ao utahamia upande usio na taa, na jicho hulinasa kosa hilo upesi. Kila nakala ipe ukubwa na mwelekeo wake, la sivyo kishungi kilekile kitajirudia. Mizizi yake ifiche kwa maski, ili ionekane imetokea chini ya vishungi vya zamani. Kisha tia kivuli kwenye mianya kwa leya ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, ukitumia rangi iliyochotwa kwenye nywele zenyewe. Nyeusi tupu huonekana kama masizi.

Ukingo ndio unaowashinda wengi. Brashi ngumu huacha kofia ya pikipiki, na brashi laini huacha ukungu kuzunguka kichwa. Ulaini wa ukingo wa afro hautokani na kufifisha: nywele zinapungua kadiri unavyotoka nje, hadi ukuta unaonekana katikati yake. Kwa hiyo futa ukingo wa nywele kwenye maski kwa brashi yenye vitone vilivyotawanyika, halafu chora nywele chache zilizojikunja, unene wa pikseli 1 hadi 3 kulingana na ukubwa wa picha, kila moja na urefu wake. Kama kamera iliacha nywele za nyuma bila fokasi, hizo mpya nazo zififishwe kiasi hichohicho, na chembechembe za picha zirudishwe juu yake.

Nywele zilizonyolewa karibu na ngozi hazina kishungi cha kunakili. Hapo tafuta picha nyingine ya mtu huyohuyo chini ya taa ileile.