Talitha, kumi: herufi inayoandikwa bila kutamkwa

Kwa nini Biblia yetu inaandika "Talitha, kumi", maneno ya Kiaramu ambayo Yesu alimwambia binti wa Yairo alipomwinua, katika Marko 5:41, ilhali nakala kongwe za Kigiriki zina "kum"? Je, Marko alikosea sarufi ya Kiaramu?

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba "kumi" hiyo ni tarakimu, nikashangaa kwa nini binti huyo anatajwa kuwa na miaka 12. Baadaye nikaangukia kosa la kisomi zaidi: niliposoma kwamba kodeksi za Sinai na Vatikani, zote za karne ya 4, zina "kum", na kwamba "kum" huamrisha mwanamume huku "kumi" ikimwamrisha mwanamke, nilikata shauri kwamba Marko hakukijua Kiaramu vizuri. Kwa mujibu wa maandishi, kanuni hiyo ni sahihi. Nililosahau ni kwamba watu hawasemi kama wanavyoandika.

Peshita, tafsiri ya Biblia kwa Kisiriaki, inalionyesha jambo hili waziwazi. Kisiriaki ni lahaja ya Kiaramu ya Edesa, mji ambao leo ni Urfa nchini Uturuki. Katika mstari huu neno limeandikwa pamoja na herufi yudi mwishoni, yaani "kumi", lakini msomaji wa Kisiriaki hutamka "kum", sawasawa na anavyotamka amri ya kiume. Irabu ya mwisho isiyo na mkazo ilikwisha kudondoka mdomoni, ikabaki kwenye wino.

Tuchukue mfano wa kwetu. Sisi husema "njoo" kwa mmoja na "njoni" kwa wengi. Tuseme "-ni" ingefifia katika mazungumzo, lakini walimu wakaendelea kuandika "njoni". Mgeni anayeandika anachokisikia angeandika "njoo" hata pale walipoitwa watu kumi, na asingekuwa amekosea. Angekuwa ameandika kwa sikio. Huenda "kum" ya Kigiriki ni ya namna hiyo, na "kumi" ya nakala nyingine ikawa sahihisho la mnakili aliyeijua sarufi.

Nasema "huenda" kwa sababu Edesa si Galilaya, na Kiaramu cha Wayahudi wa Palestina kina maandishi yaliyohifadhi "-i" hiyo. Tena Peshita ilitafsiriwa kutoka Kigiriki, kwa hiyo yudi yake haithibitishi sauti iliyosikika chumbani mwa Yairo. Inathibitisha tu kwamba Kiaramu kiliweza kupoteza irabu hiyo bila kupoteza maana, kwa kuwa aliyeambiwa alikuwa pale pale, ameshikwa mkono.

Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha. Marko anaongeza, "tafsiri yake, Msichana, nakuambia, Inuka." Peshita imeyaacha maneno hayo yote, kwa kuwa wasomaji wake walikwisha kuelewa.