"Nimeripotiwa" sio sababu ya video kuondolewa YouTube

Kila video ya mtu wa hapa Lamu ikiondolewa YouTube utasikia neno moja tu, "nimeripotiwa". Hili neno linanikera kwa sababu linamzuia mtu kusoma ile notisi aliyotumiwa.

Notisi ya sera ni barua inayokwambia video yako imevunja kanuni gani na adhabu yake ni ipi. Basi. Kuripoti ni kitu kingine kabisa, ni mtu kuwaambia YouTube waiangalie video. Wakiangalia wakute haina kosa inabaki, hata iripotiwe na mtaa mzima wa Langoni. Na video inaweza kutolewa bila mtu yeyote kuripoti, maana mitambo yao nayo inapekua.

Jirani yangu mmoja alirikodi watoto wakiruka baharini pale jeti, boti ya Mokowe inaingia, na sauti yake mwenyewe inasikika "ruka, mwanamume haogopi!" Video ikatolewa. Akasema ni mahasidi, halafu akasema ni ule muziki, akatoa muziki akaipandisha tena, ikatolewa mara ya pili na safari hii hawezi kupandisha kitu wiki nzima. Nikamwambia lete simu. Tukafungua ile imeili na imeandikwa wazi kabisa, Child safety, yaani usalama wa watoto. Jamaa akashtuka kweli, "yaani wananiita mimi mnyanyasaji wa watoto?"

Hapana kaka. Na hapa ndipo wengi wanapotea. Jina la sera ni kama jina la mtaa, halikwambii nyumba. Hiyo Child safety ndani yake kuna unyanyasaji ndio, lakini kuna pia mtoto kuonyeshwa akifanya jambo la hatari au kuchochewa alifanye, na yeye aliingilia mlango huo. Muziki haukuhusika hata kidogo, ingekuwa muziki notisi ingetaja hakimiliki, na hiyo ina hesabu yake mbali. Kwa hivyo ukishaona jina usiishie hapo, soma yale maelezo ya chini yake, kisha fungua ukurasa wa sera yenyewe uutafute mstari unaofanana na video yako.

Halafu angalia kama ni onyo au straiki, yaani adhabu inayohesabiwa kwenye chaneli yako. Kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo, na ukikubali kufanya yale mafunzo yao mafupi linafutika baada ya siku 90 usipovunja sera ileile. Jirani yangu aliirudia ndani ya siku hizo, ndio akala straiki na kufungiwa ile wiki nzima. Straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Na kuifuta video mwenyewe hakuondoi straiki, alishajaribu hilo pia.

Kwa hivyo ukiulizwa video imeenda wapi, usiseme umeripotiwa. Sema imetolewa kwa sera ya usalama wa watoto, kipengele cha mambo ya hatari.