Amana ya dola ikirudi kuwa shilingi: riba ni nusu tu ya hesabu

Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa 123 na ushee. Watu wengi waliokuwa na akiba ya shilingi walikimbilia akaunti za dola wakati huo, wakanunua dola na kuzifungia kwenye amana ya muda maalum ya miezi 12. Januari 2025, amana zilipoiva, dola ilikuwa karibu 129. Nitaipiga hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi riba na bei ya dola zinavyoshikana.

Tuchukue shilingi 1,000,000. Riba na bei za dirishani nitakazotumia ni za mfano, ila bei nimeziweka karibu na zile za soko la wakati huo. Soko likiwa 160, benki haikuuzii dola kwa 160. Inakuuzia, tuseme, kwa 162, na ukitaka kuiuzia dola inakupa 158. Kwa hiyo milioni yako inakupa dola 6,172.84. Riba ni 5% kwa mwaka, yaani dola 308.64. Kenya hukata kodi ya zuio ya 15% kwenye riba ya mkazi, hivyo dola 46.30 zinaondoka kabla hujaziona. Riba baada ya kodi ni 4.25%, na mwisho wa mwaka akaunti inasoma dola 6,435.19.

Ukiangalia taarifa ya benki, umepata faida, maana dola zimeongezeka kweli. Lakini wewe unanunua unga, unalipa kodi ya nyumba na karo kwa shilingi, kwa hiyo lazima uziuze. Soko likiwa 129 na ushee, dirishani unapewa 128. Ukizidisha unapata shilingi 823,704. Umeingia na milioni, umetoka na pungufu ya shilingi 176,000 na zaidi. Hiyo ni hasara ya 17.6%, pamoja na riba.

Hesabu yote inaingia kwenye mstari mmoja wa jedwali la kompyuta:

```
=(1+B1*(1-B2)*B3/365)*B5/B4-1
```

B1 ni riba ya mwaka, B2 ni kiwango cha kodi, B3 ni siku za amana, B4 ni bei uliyonunulia dola na B5 ni bei utakayouzia. Uliza benki yako kwanza kama inagawanya kwa 365 au 360, kwani amana za dola mara nyingi huhesabiwa kwa mwaka wa siku 360.

Angalia kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Wengi huchukua riba ya 4.25%, wakatoa 21% ambayo dola imeshuka kutoka 162 hadi 128, wakapata hasara ya 16.7%. Jibu sahihi ni 17.6%. Tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye riba yenyewe. Zile dola 262 za riba nazo zilibadilishwa kwa bei iliyoshuka, si mtaji peke yake. Bei ikipanda, mambo yanageuka: aliyenunua dola kwa 124.50 Januari 2023 na kuuza kwa 158 Januari 2024, kwa riba ileile, alipata 32.3%, ilhali kujumlisha kungempa 31.2 tu. Na hapa ndipo kosa kubwa la mwaka ule lilipozaliwa. Watu waliona 32% wakadhani amana ya dola ndiyo inayolipa hivyo. Amana ililipa 4.25%. Iliyobaki ilikuwa shilingi kuanguka, na hakuna benki iliyowahi kuahidi kwamba shilingi itaendelea kuanguka.

Kosa jingine linatokana na habari. Ukisoma kwamba shilingi imeimarika kwa 24%, usiichukue 24 hiyo ukaiweka kwenye hesabu yako ya dola. Kutoka 160 hadi 129, shilingi imepanda 24% ikipimwa kwa dola, lakini dola imeshuka 19.4% ikipimwa kwa shilingi. Mwenye dola anahitaji namba ya pili. Njia salama ni kuacha asilimia za magazetini na kugawanya bei mbili mwenyewe.

Pengo kati ya bei ya kuuza na ya kununua nalo lina meno kuliko watu wanavyofikiri. Tuseme soko limetulia palepale 160 mwaka mzima. Umenunua kwa 162, unauza kwa 158. Riba yako ya 4.25% inabaki 1.7%. Sasa ufanye hivyo kwa amana ya miezi mitatu: riba baada ya kodi ni kama 1.06%, lakini pengo la bei linakula karibu 2.5% lilelile, kwa sababu halijali umekaa siku ngapi. Unatoka na hasara ya 1.4% wakati bei ya soko haikusogea hata senti. Ndiyo maana mimi siamini amana fupi ya dola kwa mtu anayetoka kwenye shilingi na kurudi kwenye shilingi. Anayeihuisha bila kubadilisha kila mara hana tatizo hilo, maana pengo analilipa mara moja tu.

Kabla ya kutia saini, kuna namba mbili ninazotaka mtu azipate. Ya kwanza ni bei ya kurudisha mtaji: gawa 162 kwa 1.0425, unapata 155.40. Benki ikinunua dola chini ya hapo siku ya kuiva, umepoteza shilingi. Ya pili inatisha zaidi. Januari 2024, dhamana za serikali za siku 364 zilikuwa zikilipa takriban 16%, ambayo baada ya kodi ni 13.6%. Ili amana ya dola ilingane nazo, benki ingepaswa kuinunua dola yako kwa 162 × 1.136 ÷ 1.0425, yaani 176.53. Kwa hiyo aliyefungia dola siku ile hakuwa akisema tu kwamba dola haitashuka. Alikuwa akisema itapanda hadi karibu 178.5 sokoni, hata kama hakujua kwamba anasema hivyo.

Dalili za kinyume zilikuwepo. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imepandisha riba yake kutoka 10.5% hadi 12.5% Desemba 2023, ikaongeza hadi 13% Februari 2024. Hofu iliyokuwa ikiisukuma dola juu ilihusu hasa yurobondi, yaani deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Katikati ya Februari serikali iliuza yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya zamani, na hati fungani ya miundombinu ya mwezi huohuo, yenye riba ya 18.46% isiyo na kodi, ikavuta fedha za kigeni. Shilingi ilipanda ndani ya wiki chache, huku amana za miezi 12 zikiwa zimefungwa.

Hesabu hii yote inamhusu mwenye matumizi ya shilingi. Mzazi anayelipa karo ya chuo kwa dola hakupoteza 17.6%: dola zake 6,435 zinalipa karo ileile, na faida yake ni 4.25%. Ila akilipa nusu na kuirudisha nusu nyingine nyumbani, nusu hiyo aipigie hesabu peke yake, kwa bei ya dirishani ya siku hiyo.