Kumtafuta mteja kwenye logi isiyo na jina lake

Chukulia programu ya malipo inayoamka yenyewe kila usiku saa nane. Inapitia orodha ya wateja wanaodaiwa ada ya mwezi, inatuma ombi la kukata fedha kwa kila mmoja, kisha inazima. Hakuna mtu aliyekuwa macho. Asubuhi kinachobaki kueleza yaliyotokea ni logi, yaani mistari ambayo programu iliandika hatua kwa hatua ilipokuwa ikifanya kazi. Saa tatu mteja anapiga simu: amekatwa mara mbili. Fundi anafungua logi, na hapo ndipo tunajua kama iliandikwa kwa akili.

Katika kazi yetu ya kukagua mifumo tunakutana na logi za aina mbili zinazosikitisha. Ya kwanza ina kila kitu: jina, namba ya simu, barua pepe, wakati mwingine hata nywila. Ya pili imesafishwa na mtu aliyeogopa, imebaki na mistari kama "kosa limetokea" mara elfu mbili. Ya kwanza inamwanika mteja, ya pili haimsaidii. Iko njia ya tatu, na haihitaji mitambo ya gharama.

Wengi hudhani kwamba taarifa zikiwa kwenye hifadhidata zinalindwa, basi zikiwa kwenye logi zinalindwa vilevile. Sivyo. Hifadhidata ina milango: nani anaingia, anaona jedwali lipi. Logi ni faili la maandishi. Hunakiliwa kwenda seva ya kukusanyia logi, huingia kwenye nakala rudufu, hukatwa kipande na kubandikwa kwenye ujumbe wa kuomba msaada kwa kampuni iliyouza programu. Mteja akiomba taarifa zake zifutwe, zitafutwa kwenye hifadhidata siku hiyohiyo, na jina lake litaendelea kuishi kwenye nakala za logi ambazo hakuna anayekumbuka ziko wapi. Mei 2018 mtandao wa Twitter uliwashauri watumiaji wake wote, wapatao milioni 330, wabadili nywila, kwa sababu nywila zilikuwa zinaandikwa wazi kwenye logi ya ndani kabla hazijafichwa. Hifadhidata yao haikuwa na kosa hilo. Logi ndiyo iliyokuwa nalo.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia. Msanidi programu hakuandika "weka barua pepe ya mteja kwenye logi". Aliandika "likitokea kosa, liandike", na kosa lenyewe likaja limebeba mzigo. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, ikikataa kusajili barua pepe iliyokwishasajiliwa, hujibu hivi:

```
DETAIL:  Key (email)=(mteja@example.com) already exists.
```

Programu ikiandika ujumbe huo ulivyo, barua pepe imeshaingia. Njia nyingine ni anwani za wavuti: fomu inayotuma namba ya simu ndani ya anwani yenyewe huiacha kwenye logi ya seva, kwa kuwa seva huandika anwani nzima ya kila ombi.

Dawa ambayo wengi huikimbilia kwanza ni kichujio: kabla ya mstari kuandikwa, tafuta kitu kinachofanana na namba ya simu ukifunike kwa nyota. Kichujio kina kazi yake, lakini kiwe wavu wa mwisho tu. Hukosa namba iliyoandikwa kwa nafasi katikati, hukosa jina la mtu kwa sababu majina hayana umbo maalumu, na siku nyingine hufunika namba ya muamala ambayo ndiyo uliyoihitaji. Kilicho imara ni kugeuza utaratibu: programu isiandike kitu chochote isipokuwa sehemu zilizotajwa kwenye orodha iliyokubaliwa. Namba ya mzunguko wa usiku ule, namba ya muamala, hatua, jaribio la ngapi, jibu, muda uliotumika. Kitu kipya kikihitajika, mtu anakiongeza kwenye orodha na mwenzake anakipitia. Kosa la hifadhidata linaandikwa kwa namba yake ya aina (lile la juu ni `23505`) bila maelezo yake.

Vipi namba ya simu iliyokataliwa kwa kuwa imeandikwa vibaya? Fundi anataka kuiona. Kwa kweli haihitaji namba, anahitaji umbo lake. `urefu=8 herufi=0` inamweleza kwamba tarakimu zimepungua na hakuna herufi iliyopenya. Hiyo inatosha kabisa kujua tatizo liko upande gani.

Sasa tunafika penye ugumu. Namba ya muamala inatosha pale muamala ulipozaliwa. Lakini mteja hupiga simu akiwa na namba yake ya simu, na tunataka kuona mistari yake yote, pamoja na ile iliyokwama kabla muamala haujapewa namba. Tunahitaji alama inayofanana kila mara kwa mteja yuleyule, ila isiyosema yeye ni nani.

Jibu la haraka ni heshi: unapitisha namba ya simu kwenye hesabu kama SHA-256, inatoka mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma. Hapa watu wenye nia njema hujikwaa. Ni kweli hesabu hairudi nyuma, lakini haina haja ya kurudi. Namba ya simu yenye tarakimu tisa zisizojulikana ina uwezekano bilioni moja tu. Kompyuta ya kawaida inaweza kukokotoa heshi za namba zote hizo kwa muda wa dakika, kisha ukalinganisha na zilizo kwenye logi. Jambo hili limeshatokea hadharani. Mwaka 2014 zilitolewa rekodi za safari za teksi za jiji la New York, zaidi ya milioni 170, namba za magari na leseni za madereva zikiwa zimefichwa kwa heshi ya MD5. Kwa kuwa namba hizo zina mpangilio unaojulikana, zote zilifumbuliwa ndani ya muda mfupi.

Kinachokosekana ni siri. Ukichanganya namba na ufunguo wa siri kabla ya kukokotoa, njia inayoitwa HMAC, anayejaribu namba bilioni hapati kitu bila ufunguo. Kwa Python ni mistari michache:

```python
import hmac, hashlib

def alama(simu, ufunguo):
    h = hmac.new(ufunguo, simu.encode(), hashlib.sha256)
    return h.hexdigest()[:16]
```

Yako mambo mawili madogo hapa ambayo huleta maumivu makubwa. La kwanza ni umbo la namba. Ikiwa programu moja inakokotoa alama ya namba inayoanza na sifuri, na nyingine ya namba hiyohiyo ikiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, alama zitatofautiana kabisa, na mchunguzi ataapa kwamba mteja hakuonekana usiku ule. Namba igeuzwe kuwa umbo moja kwanza, kila mahali, na funksheni iwe moja inayotumiwa na wote. La pili ni urefu. Watu hupenda kukata alama ibaki na herufi 8 ili mstari usomeke. Kwa wateja milioni 10, alama za herufi 8 zitawafanya wateja wa jozi zaidi ya elfu 11 wafanane alama. Zikiwa 16, uwezekano wa hata jozi moja kufanana ni mdogo kiasi cha kutohesabika.

Turudi kwa mteja wetu wa asubuhi. Mhudumu hampi fundi namba ya simu. Anaiingiza kwenye kijichombo cha ndani chenye ufunguo, kinatoa alama, na alama ndiyo inayokwenda kwa fundi. Fundi anaitafuta kwenye logi na kupata hivi:

```
02:10:07 run=r8841 tx=T550192 mteja=9f3c61d07be2a845 hatua=kata jaribio=1 jibu=TIMEOUT ms=30000
02:10:42 run=r8841 tx=T550207 mteja=9f3c61d07be2a845 hatua=kata jaribio=2 jibu=OK ms=812
```

Mistari miwili, na kisa chote kimo humo. Jaribio la kwanza lilisubiri jibu sekunde 30 likakata tamaa. Programu ikajaribu tena, ila angalia `tx`: imebadilika. Jaribio la pili lilipewa namba mpya ya muamala, kwa hiyo upande unaopokea malipo uliliona kuwa ombi jingine kabisa. Fundi anaangalia T550192 kwenye rekodi za upande huo na kukuta lilikamilika; jibu tu ndilo lililopotea njiani. Mteja amekatwa mara mbili kweli. Programu inapaswa kurudia kwa namba ileile ya muamala, ili ombi la pili litambuliwe kuwa marudio.

Kisha fundi anaweza kuuliza swali ambalo mteja hakuliuliza: nani mwingine? Anatafuta kila alama yenye TIMEOUT kwenye jaribio la kwanza na OK kwenye la pili, ndani ya mzunguko `r8841`. Anapata orodha ya namba za miamala, anaipeleka kwa kitengo cha fedha, nao wanazifungua kwenye hifadhidata yenye milango yake na kurudisha fedha. Fundi hajaona jina wala kiasi cha mtu yeyote.

Utajuaje kwamba logi zako ziko safi? Kusoma programu kwa macho hakutoshi. Kwenye mazingira ya majaribio tengeneza mteja wa kubuni mwenye jina ambalo haliwezi kupatikana kwingine, tuseme Zumaridikwangwa, mwenye barua pepe na simu za aina hiyo. Mpitishe kila mahali, na hasa mpitishe kwenye makosa: msajili mara mbili, zima hifadhidata katikati ya kazi, mpe namba pungufu. Halafu tafuta jina lake, simu yake na barua pepe yake kwenye logi zote, pamoja na za seva ya wavuti na za hifadhidata yenyewe, ambazo watu husahau. Tulipoanza kufanya hivi tulitarajia kumkuta kwenye programu zetu. Tulimkuta kwenye logi ya hifadhidata, ndani ya maswali yaliyochukua muda mrefu na kuandikwa yakiwa mazima.

Alama ya HMAC haimfanyi mteja asijulikane kabisa. Mwenye ufunguo anaweza kukokotoa upya, na hata asiye nao anaweza kukisia akijua fulani alilipa saa ngapi. Kwa hiyo logi yenye alama bado ihesabiwe kuwa na taarifa binafsi na ilindwe hivyo. Ufunguo usikae kwenye seva ya logi, na wanaosoma logi wasiwe ndio wanaoshika ufunguo. Sisi hutumia ufunguo mpya kila mwezi, na mstari wa logi hubeba namba ya mwezi ili kichombo kijue kitumie upi. Muda wa malalamiko ukipita, siku 90 kwa hesabu yetu, ufunguo wa mwezi huo unafutwa. Nakala za logi zilizosahaulika popote zinabaki na hatua, majibu na sekunde. Anayetaka kujua kwa nini mfumo ulikwama mwaka jana bado atasoma, ila akija na namba ya simu mkononi hatapata mahali pa kuilinganisha.