Vidonge vya damu na choo cheusi

"Nimeanza vidonge vya damu choo kikawa cheusi, si vinaniunguza tumbo? Na nikishapata nguvu si naacha tu?"

Hiyo rangi ni madini ya chuma ambayo mwili haujayafyonza, yanatoka na choo, basi. Angalia hivi: choo cha vidonge kinakuwa cheusi au kijani iliyokolea lakini umbo lake ni lilelile, ila kikiwa laini kinang'aa kama lami, kinanata na kunuka vibaya kuliko kawaida, hiyo inaweza kuwa damu inavuja tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinachoharibu dozi kimyakimya ni chai, hata ya rangi, maana inashika chuma kisifyonzwe. Meza kidonge tumbo likiwa tupu, kwa maji, chai ije baada ya saa moja au mbili. Maziwa nayo yasubiri. Chungwa linasaidia kidogo, usipolipata meza tu. Kikikuchefua, meza na chakula, bora hivyo kuliko kuacha.

Sasa kuacha. Tuseme ulianza na damu 8, baada ya wiki nne pima tena, ikifika kama 10 dawa inafanya kazi, isipopanda rudi kwa daktari atafute sababu. Nguvu zinarudi mapema ila akiba ya chuma mwilini bado tupu, ndo maana hata damu ikishafika kawaida unaendelea miezi mitatu hivi. Na viweke mbali na watoto, vikimezwa vingi vinaua.